Jina la chaneli lisomwe na asiyejua chochote

Mtu ana baiskeli ambayo cheni yake inaruka kila anapokanyaga kwa nguvu kupanda mlima. Rafiki amemtumia kiungo cha seva ya Discord ya wapenda baiskeli, amekibonyeza akiwa ndani ya daladala, na sasa orodha ya chaneli imejaa kwenye skrini ya simu. Anaona `karakana`, `ufundi`, `cheni`, `gia` na `spea`. Aandike wapi?

Kwa waliojenga seva, jibu liko wazi. `karakana` ni ya wanaounda baiskeli upya, `ufundi` ni ya maswali, `cheni` ilifunguliwa siku ulipozuka mjadala mrefu wa mafuta ya cheni, na `gia` ilifuata baadaye kwa sababu kama hiyo. Historia yote hiyo imo vichwani mwao, haimo kwenye majina. Mgeni atafanya moja kati ya mambo matatu: ataandika kwenye chaneli ya kwanza anayoiona, ataandika swali lilelile kwenye chaneli tatu, au atafunga simu bila kuandika. Wale wa aina ya tatu ni rahisi kuwasahau, kwa kuwa hawaachi alama yoyote ya kumwonyesha msimamizi kwamba walipita.

Tutaitumia seva hii ya baiskeli kama mfano hadi mwisho, kwa sababu matatizo yake yamo kwenye seva nyingi za Kiswahili tunazozifahamu, ziwe za upigaji picha, za ushonaji au za sataranji. Hivi ndivyo orodha yake inavyosomeka:

```
BARAZA
# karibu
# sheria
# kijiwe
# mengineyo
# nje-ya-mada
KARAKANA
# karakana
# ufundi
# cheni
# gia
# breki
# spea
# kinga
BARABARANI
# safari
# matukio
# ratiba
# picha
# soko
```

Chaneli 17, kategoria tatu. Discord inaruhusu chaneli hadi 500 kwa seva na 50 kwa kila kategoria, kwa hiyo mfumo wenyewe hauna la kulalamika. Anayelemewa ni msomaji.

Taja shida ya mgeni, usitaje kifaa

Turudi kwa yule mwenye cheni inayoruka. Cheni huruka kwa sababu kadhaa: yenyewe imechakaa na kurefuka, meno ya sproketi yameliwa, au waya wa gia umelegea na gia haikai mahali pake. Fundi akiitazama dakika mbili atajua ni ipi. Mwenye baiskeli hajui, na ndiyo maana anauliza. Sasa, seva iliyogawanywa kwa vifaa, yaani `cheni`, `gia`, `breki`, inamdai mgeni ajue ugonjwa kabla ya kumwona daktari. Akiandika kwenye `cheni` kumbe kosa ni waya wa gia, mtu atamwambia "peleka kwenye `gia`", naye atahisi amevunja sheria ambayo hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo jina lijengwe juu ya kile ambacho mgeni anakijua anapofika. Anakijua alichokuja kukifanya: anataka kuuliza, anataka kununua, anataka kwenda safari Jumapili, anataka kuonyesha baiskeli yake. Vitenzi hivyo anavyo tayari kichwani. Chaneli tatu za vifaa zinakuwa moja, `uliza-ufundi`, na ule mgawanyo wa vifaa ambao mafundi wanaupenda (na wana haki ya kuupenda, maana unawasaidia kutafuta majibu ya zamani) unahamia mahali pengine.

Mahali hapo ni chaneli ya aina ya `Forum`. Kila swali linakuwa mada yake, na mada inabeba tagi. Discord inaruhusu tagi 20 kwa chaneli moja ya aina hii, na mada moja kubeba hadi 5. Hazihitajiki zote. Kwa baiskeli zinatosha sita: `breki`, `gia na cheni`, `magurudumu`, `usukani na kiti`, `sijui tatizo`, `imetatuliwa`. Tagi ya tano ndiyo tunayoiomba kila mtu asiiache. Mgeni akilazimishwa kuchagua tagi na hakuna isemayo "sijui", atachagua ya kwanza kwenye orodha, na baada ya wiki chache tagi ya `breki` itakuwa imejaa mambo yasiyohusu breki. Akiwa na `sijui tatizo`, anaichagua bila aibu, kisha msaidizi anaibadilisha tatizo likishajulikana.

Chini ya jina kuna sehemu ya maelezo, ambayo kwenye chaneli ya kawaida inabeba hadi herufi 1024. Wengi huijaza sheria. Kwenye simu mgeni haioni mpaka abonyeze jina la chaneli, na kwenye kompyuta anaona mwanzo tu wa mstari, basi yale maneno ya kwanza yafanye kazi:

```
Eleza shida ya baiskeli yako, hata kama hujui jina la kifaa.
Weka picha ya upande wa cheni.
```

Sentensi mbili zinatosha. Jina likihitaji maelezo marefu ili lieleweke, kinachohitaji kubadilishwa ni jina.

Neno la maana huja mwisho, na mwisho ndio unaokatwa

Hapa kuna jambo la Kiswahili hasa, ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa lugha nyingine haiwezi kulifundisha. Sisi tunaanza na jina kuu, kisha tunalifafanua: maswali ya ufundi, maswali ya safari, picha za safari, picha za baiskeli. Katika mazungumzo hakuna tatizo. Kwenye orodha nyembamba ya chaneli, jina refu hukatwa mwishoni na kuwekewa nukta tatu, na kilichokatwa ndicho kilichokuwa kinatofautisha chaneli moja na nyingine. `maswali-ya-ufundi-na-matengenezo` ina herufi 32 pamoja na vistari. Discord inaikubali, kwa kuwa kikomo chake ni 100, lakini mtu wa simu anaona `maswali-ya-ufundi-na…`, na chini yake `maswali-ya-safari-na…`, na jicho linalopita haraka linasoma "maswali-ya, maswali-ya".

Kitenzi kinatutoa hapo. `uliza-ufundi` ina herufi 12 na neno la maana linaonekana lote. `onyesha-baiskeli`, `panga-safari`, `jitambulishe`: kila moja inaanza na herufi tofauti, kila moja inaeleza tendo. Kama kipimo cha mkononi, kaa ndani ya herufi 20, na hakikisha chaneli mbili zinazofuatana hazianzi na neno moja. `matengenezo-ya-baiskeli` ina 23, na neno `baiskeli` ndani ya seva ya baiskeli halimwambii mtu kitu kipya. Liondoe popote lilipo, isipokuwa pale ambapo sentensi haisimami bila hilo.

Kitenzi kina faida nyingine. Jina kama `karibu` halimwambii mgeni kama anatakiwa kuandika au kusoma tu. Wengine wataingia na kusalimia, wengine wataogopa kuligusa. Ligawanye: `soma-kwanza` haiandikwi na yeyote isipokuwa wasimamizi, `jitambulishe` inaandikwa na wote. Tendo liko ndani ya jina na ruhusa zinalingana nalo. Ruhusa zisipolingana mgeni huvunjika moyo kabisa. Chaneli iitwayo `uliza` ambayo imefungwa kwa watu wapya kwa siku saba ni mlango ulioandikwa "ingia" na kufungwa kwa kufuli.

Kuhusu tahajia, kumbuka mambo matatu. Chaneli za maandishi hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo na nafasi kuwa kistari, ilhali chaneli za sauti huacha vyote kama ulivyoandika. Ritifaa huondolewa kwenye chaneli za maandishi, kwa hiyo neno kama ng'ambo litatokea `ngambo`, ambalo linasomeka vibaya na kutamkwa vibaya. Tafuta neno jingine kuliko kuchomeka alama inayofanana na ritifaa. Na zile herufi za mapambo zinazonakiliwa mtandaoni, zenye mikunjo na maandishi mazito, ziache kabisa. Programu zinazowasomea skrini watu wasioona huzitamka kama majina ya alama, moja baada ya nyingine, au huziruka. Emoji moja mwanzoni mwa jina la kategoria haina madhara. Emoji kwenye kila chaneli inakula nafasi ya herufi mbili tatu ulizokuwa unazihitaji.

Neno moja, miji tofauti

Seva ya Kiswahili ina watu wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Zanzibar, Lubumbashi, na wengine wanaoandikia kutoka Maskati. Neno ambalo kwako ni mwanga linaweza kuwa giza kwa mwenzako.

Chukua `baraza`. Kwa mtu wa Zanzibar, baraza ni ile sehemu ya kukalia mbele ya nyumba, mahali pa kahawa na mazungumzo ya jioni. Kwa Mkenya wa bara, baraza ni mkutano ambao chifu ameuitisha. Mmoja ataingia kupiga gumzo, mwingine atasubiri matangazo rasmi. `kijiwe` ni neno tamu kwa Mtanzania wa mjini, lakini nje ya Tanzania wengi watasoma jiwe dogo. `gumzo` halina ladha ya mtaa wowote, ni fupi, na linaeleweka pwani na bara. Tunalichagua hilo, ingawa tunakiri kwamba kijiwe kina joto ambalo gumzo halina.

Mfano mkali zaidi ni `kinga`. Aliyeifungua alikusudia kofia za usalama, glovu na taa. Lakini katika Kiswahili cha Lubumbashi, kinga ni baiskeli yenyewe. Mwanachama kutoka huko ataiona kama chaneli kuu ya seva nzima na kuweka kila kitu humo, na kila mara ataambiwa amekosea, bila yeye wala anayemwambia kuelewa kwa nini. Ukitaja vitu vyenyewe, `kofia-na-taa`, utata unakwisha.

Namna ya kuyagundua haya kabla hayajatokea ni kumwonyesha neno mtu wa nchi nyingine na kumuuliza analielewaje, bila kumpa sentensi. "Neno hili kwenu lina maana gani?" Ukimpa sentensi, ataitumia sentensi kukisia, na utapata jibu zuri la uongo. Maneno ya ufundi kwa kawaida huvuka mipaka salama: pancha, breki, tairi, spea. Yanayokwama ni maneno ya mahali na ya watu.

Jina lisimame bila kategoria

Kosa lingine ni kutegemea kichwa cha kategoria kumalizia maana. Unaweka `maswali` chini ya UFUNDI na `maswali` nyingine chini ya SAFARI, na kwenye orodha inapendeza. Discord haizuii majina mawili yanayofanana. Lakini mtu akimwelekeza mwenzake ndani ya ujumbe, kinachoonekana ni `#maswali` pekee, bila kategoria yake, na mgeni hajui anapelekwa wapi mpaka abonyeze. Soma kila jina peke yake, kama vile umelikuta katikati ya sentensi ya mtu: "Hilo liulize kwenye #maswali." Maswali gani? "Hilo liulize kwenye #uliza-ufundi." Sawa.

Kwa njia hiyohiyo `safari`, `matukio` na `ratiba` zinaanguka pamoja. Ukiwauliza wasimamizi watatu tofauti yake, yaelekea utapata majibu matatu. Kuna mambo mawili tu ambayo mwendesha baiskeli anayahitaji hapa: kujua safari zilizokwisha kupangwa, na kupanga ambazo bado. Basi ni `safari-zijazo`, ambayo waongozaji pekee huandika, ujumbe mmoja kwa safari moja ukiwa na siku, saa, mahali pa kukutania na kilomita. Na `panga-safari`, ambako watu wote hujadili. Mgeni anayetaka kwenda Jumapili anafungua ya kwanza na kusoma ujumbe wa mwisho, basi.

Orodha mpya, kabla ya kujaribiwa:

```
ANZA HAPA
# soma-kwanza
# jitambulishe
# gumzo
BAISKELI YAKO
# uliza-ufundi
# ninunue-nini
# uza-nunua
# onyesha-baiskeli
SAFARI
# safari-zijazo
# panga-safari
# picha-za-safari
```

Kumi badala ya 17. Kofia na taa zimeingia `ninunue-nini`, kwa sababu mgeni anayezitafuta anataka ushauri wa kununua. `mengineyo` na `nje-ya-mada` zimemezwa na `gumzo`, maana hakuna aliyewahi kuzitofautisha. Na idadi hii inafaa hata ukiwasha `Onboarding`, ile hatua ya maswali ya kumkaribisha mtu mpya: Discord inataka angalau chaneli 7 za mwanzo, na 5 kati yake ziwe ambazo kila mtu anaweza kuziona na kuandika. Hapa za kuandika ni nane.

Jaribio la ujumbe sita

Usiwaulize wanachama kama majina mapya ni mazuri. Watasema ni mazuri, au watayalilia ya zamani. Wape kazi.

Kwanza, jione kama mgeni anavyoona. Msimamizi huona chaneli za siri pia, kwa hiyo picha ya skrini yake si ya kweli. Ingia kwenye mipangilio ya seva, sehemu ya `Roles`, chagua `View Server As Role` kwa `@everyone`, kisha upige picha ya orodha. Ikate ibaki majina tu.

Pili, andika ujumbe sita ambao mgeni angeuleta, kwa lugha ya mgeni:

"Cheni yangu inaruka nikikanyaga kwa nguvu mlimani." "Nina laki tatu, natafuta baiskeli ya kwendea kazini." "Nauza fremu, haijatumika sana." "Jumapili mnatokea wapi?" "Habari zenu, mimi ni mpya, natokea Tanga." "Tazameni nilivyoipaka rangi baiskeli ya babu."

Tatu, watafute watu watatu ambao hawajawahi kuingia kwenye seva yako, wape picha na ujumbe huo, na uwaombe waseme kila mmoja ungeandikwa wapi. Usiwasaidie. Tazama pia wanapositasita. Mtu akitaja chaneli sahihi baada ya kupitisha kidole juu na chini mara mbili, jina hilo halijafaulu. Kama wawili kati ya watatu wanaelekeza ujumbe mmoja sehemu tofauti, tatizo ni la majina.

Kwenye orodha yetu, ujumbe wa pili ndio utakaoanguka, na tunautaja kwa sababu haukuonekana kwenye karatasi. Mwenye laki tatu anaweza kwenda `ninunue-nini` kuomba ushauri au `uza-nunua` kutafuta muuzaji. Majina yote mawili yana "nunua" ndani yake, na yote mawili yako sahihi kwake. Dawa ni kuondoa kununua kwenye jina la soko. Jiji la Dar es Salaam limejaa kuta zilizoandikwa kwa rangi "Nyumba hii haiuzwi", na hakuna anayehitaji maelezo zaidi. Geuza hiyo kauli kuwa ya kukubali: `vinauzwa`. Sasa moja ni swali na nyingine ni meza ya bidhaa. Anayetaka kununua anaanza na swali, akishajua anachokitaka anakwenda mezani.

Rudia jaribio kwa watu wengine watatu. Wale wa kwanza wameshajifunza, hawafai tena.

Vyeo ambavyo si vyeo

Kile ambacho skrini inakiita `Roles` tutakiita vyeo, kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema, ingawa neno hilo lenyewe linachangia mkanganyiko. Kitu kimoja cha Discord kinafanya kazi tatu. Kinampa mtu mamlaka ya kufuta ujumbe na kufukuza. Kinamtambulisha, kwamba anajua gia au anaishi Arusha. Na kinamsajili kupokea arifa. Seva ikivipa vyote majina ya kifahari, Nguli, Mkongwe, Simba wa Barabara, Mlezi, mgeni anayesumbuliwa kwa ujumbe wa faragha hajui amwendee nani. Mlezi ana uwezo, au ni heshima tu? Simba je?

Wenye mamlaka waitwe `Wasimamizi`, wakae juu kabisa, na wapewe rangi. Rangi ya jina la mtu hutoka kwenye cheo chake cha juu kabisa chenye rangi, kwa hiyo ukivipaka vyeo vyote, rangi inaacha kumaanisha kitu. Paka viwili tu: wasimamizi na wanaosaidia. Hao hao wawili ndio wawashiwe `Display role members separately from online members`, ili waonekane kama makundi yao kwenye orodha ya wanachama. Mengine yote yabaki bila rangi.

Wanaosaidia tuwaiteje? Mkono unaandika `Fundi` wenyewe. Lakini kwetu fundi ni mtu anayelipwa na mwenye duka. Mgeni akiona cheo hicho ataandika "fundi uko wapi, kutengeneza breki bei gani?", na mwanachama aliyejitolea kujibu maswali usiku atajikuta anaeleza kwamba hana karakana. `Wasaidizi wa Ufundi` inasema kweli.

Na hapa kuna uamuzi wa umoja na wingi ambao Kiswahili kinaulazimisha. Jina lilelile litasomwa sehemu tatu: kwenye wasifu wa mtu mmoja, kama kichwa juu ya orodha ya watu, na ndani ya ujumbe wa kuwaita. Kwenye wasifu umoja unapendeza. Kwenye sehemu mbili nyingine unakwaza, kwa sababu "@Msaidizi wa Ufundi njooni" haikai vizuri mdomoni. Cheo kinachoitwa kwa pamoja kiwe cha wingi, kwa maana kwenye wasifu wa mtu mmoja watu husoma "yumo katika wasaidizi" bila shida. Cheo kisichoitwa, kama `Mgeni`, kiwe cha umoja.

Kwa arifa, anza majina yote na neno moja: `Niite Safari Nairobi`, `Niite Safari Dar`, `Niite Vinauzwa`. Anayekichagua anaelewa mara moja kwamba ameomba kuitwa, na hatashangaa simu ikilia. Ukikiita `Nairobi` tu, watu watakichukua kutaja wanakoishi, kisha walalamike kwa arifa ambazo hawakuziomba. Waongozaji nao wakiandika `@niite` wanaviona vyote pamoja kwenye orodha ya mapendekezo. Zima `Allow anyone to @mention this role` kwa vyeo hivi, uwape waongozaji ruhusa ya kuita, la sivyo mtu mmoja mwenye furaha atawaamsha mia tatu usiku wa manane.

Cheo cha `Mgeni` kina faida, kwani kinawaambia wenyeji wajibu kwa upole na wasitumie vifupisho vyao. Lakini kiwe na mwisho. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: kiondolewe baada ya wiki mbili, au mara mtu anapojibu swali la mwingine. Mtu aliyekaa miezi minne akiitwa mgeni ana haki ya kujiuliza kama kweli alikaribishwa.

Kubadilisha bila kuwapoteza wenyeji

Kubadilisha jina hakuvunji viungo. Discord huikumbuka chaneli kwa namba yake, kwa hiyo `#karakana` iliyochaguliwa kutoka kwenye orodha ya mapendekezo mwaka jana itaonyesha jina jipya yenyewe. Kinachobaki nyuma ni yale yaliyoandikwa kwa mkono kama maandishi ya kawaida, picha za skrini ndani ya maelekezo, na boti zilizopangwa kutafuta chaneli kwa jina. Pitia ujumbe uliobandikwa na mipangilio ya boti kwanza.

Chaneli ya kawaida haigeuki kuwa ya `Forum`, hivyo `uliza-ufundi` itaundwa upya. Za zamani, `cheni`, `gia` na `breki`, usizifute: kufuta chaneli kunafuta kila ujumbe uliomo, na haurudi. Zihamishe kwenye kategoria ya mwisho iitwayo KUMBUKUMBU, ondoa `Send Messages` kwa `@everyone`, na uziache nje ya chaneli za mwanzo ili mgeni asizione mbele yake. Wanaotafuta jibu la zamani bado watalipata kwa kutafuta.

Badilisha kategoria moja kwa wakati, na uache siku mbili tatu katikati. Katika maelezo ya kila chaneli andika jina lake la zamani, "zamani `soko`", liondoke baada ya mwezi. Wenyeji huitafuta chaneli kwa mahali ilipo zaidi ya kwa jina, kwa hiyo yanayoweza kubaki mahali pake yabaki.

Mwezi ukiisha, usihesabu sana ujumbe uliopotea njia. Sikiliza watu wanavyoelekezana wanapoongea kwenye chaneli za sauti, ambako hakuna orodha ya kuchagua. Mtu akisema "iweke kwenye ile ya mauzo" na siyo "iweke kwenye vinauzwa", na mwingine akasema hivyohivyo, basi chaneli hiyo tayari ina jina lake. Fungua `Edit Channel`, andika `mauzo`, na uwape ujumbe sita watu watatu wapya.